MADA YA 9: JUMUIYA YA WATEJA NA UAMINIFU WA MTEJA

Baada ya kuisoma mada hii uweze kueleza maana ya jumuiya ya wateja, kuonyesha hatua za kuianzisha, kukokotoa kiwango cha wateja waliobaki, na kueleza kwa nini jumuiya nyingi hufa kabla ya kutimiza mwaka.

9.1 Maana

Jumuiya ya wateja ni kundi la watu wanaonunua bidhaa kwa muuzaji mmoja, waliounganishwa ili wasaidiane wao kwa wao katika kuitumia bidhaa hiyo. Maneno ya kushika hapo ni "wao kwa wao". Hapo ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Wakiulizwa swali hili huandika kwamba muuzaji anafungua kundi la WhatsApp na kuwatumia wateja bei mpya na picha za bidhaa. Hilo si jumuiya, ni tangazo. Katika tangazo maneno yanatoka kwa muuzaji kwenda kwa wateja na yanaishia hapo. Katika jumuiya mteja wa kwanza anauliza, mteja wa pili anajibu, wa tatu anaongeza, na muuzaji anasoma.

Tunasema jumuiya ni ya faragha pale ambapo si kila mtu anaweza kuingia. Mlango wake ni ununuzi: aliyenunua anaalikwa, asiyenunua haalikwi. Faragha ina faida mbili. Kwanza, wanachama wote wana bidhaa ileile mikononi, kwa hiyo maswali yao yanafanana. Pili, mtu huona aibu kidogo kukiri makosa mbele ya watu wachache anaowajua kuliko mbele ya umma. Asiyekiri kosa hasaidiwi.

9.2 Mfano wa kihistoria: wamiliki wa pikipiki za Harley-Davidson

Mfano unaotajwa mara nyingi katika masomo ya masoko unatoka Marekani. Kampuni ya Harley-Davidson ya mji wa Milwaukee ilianza kutengeneza pikipiki mwaka 1903. Mwaka 1969 ilinunuliwa na kampuni nyingine iitwayo AMF, na katika miaka iliyofuata ubora wa pikipiki zake ulilalamikiwa sana, hasa kuvuja mafuta ya injini. Wakati huohuo pikipiki kubwa za Kijapani zilikuwa zinaingia kwa wingi katika soko la Marekani. Mwaka 1981 kundi la viongozi 13 wa kampuni liliinunua tena kutoka kwa AMF, na mwaka 1983 kampuni ikaanzisha chama cha wamiliki kilichoitwa Harley Owners Group.

Angalia jinsi kilivyopangwa. Aliyenunua pikipiki mpya alipewa uanachama wa mwaka wa kwanza bila malipo, kisha akitaka kuendelea alilipa mwenyewe. Matawi yaliwekwa chini ya udhamini wa wauzaji wa kila mji, lakini waliopanga safari na mikutano ya tawi walikuwa wanachama wa kujitolea. Kwa hiyo mteja hakujiunga na kampuni iliyo mbali, alijiunga na majirani zake wenye pikipiki kama yake, akasafiri nao Jumapili, na akajifunza kwao mambo ambayo kitabu cha maelekezo hakiyasemi.

Usiandike kwenye mtihani kwamba chama hicho peke yake ndicho kilichoiokoa kampuni. Mambo mengine mawili yalitokea kipindi hichohicho: kampuni ilibadili namna ya kutengeneza ili ubora upande, na mwaka 1983 serikali ya Marekani iliongeza ushuru kwa pikipiki kubwa kutoka nje. Jumuiya haiwezi kuokoa bidhaa mbovu. Ukiwakusanya mahali pamoja wateja waliouziwa bidhaa mbovu, umewarahisishia tu kazi ya kulalamika kwa pamoja.

9.3 Mfano wa kufanyia kazi: duka la vifaranga, Morogoro

Pikipiki za Marekani ziko mbali na maisha yetu, kwa hiyo tuujenge mfano wa pili hapa nyumbani, tuufuate hatua kwa hatua. Duka hili ni la kubuni, ila mambo yanayotokea ndani yake atayatambua yeyote aliyewahi kufuga kuku wa nyama.

Mama mmoja ana duka pembezoni mwa mji wa Morogoro. Anauza vifaranga vya siku moja, chakula cha kuku na chanjo. Mara mbili kwa mwezi hupokea vifaranga 1,500, na kila shehena hugawanywa kwa wanunuzi wapatao 15, wengi wao wakichukua 100 kila mmoja. Biashara inaonekana nzuri. Hata hivyo, akipitia daftari lake la mauzo anaona kwamba wengi hununua mara moja au mbili tu, kisha hawaonekani tena.

Kabla ya kutafuta dawa, lazima ajue ugonjwa. Mwanafunzi wa biashara huwa na haraka ya kusema kuwa wateja wamehamia kwa mshindani. Mama huyu alipowapigia simu baadhi yao alipata jibu jingine: hawakuhamia kokote, waliacha kufuga. Aliyenunua vifaranga 100 na 40 vikafa wiki ya pili hatafuti duka lenye bei nafuu. Anaosha vyombo vya kunyweshea maji, anaviweka stoo na kuamua kuwa kuku si bahati yake. Katika biashara ya namna hii, mteja hubaki akifanikiwa na bidhaa na huondoka akishindwa nayo. Kwa hiyo kazi ya jumuiya ni kumsaidia mteja afanikiwe, hasa mara yake ya kwanza.

Je, mama hawezi kuwasaidia yeye mwenyewe? Anaweza, kwa kiasi. Tatizo ni kwamba simu zinaanza saa tisa usiku, na wote wanauliza jambo moja. Tena yeye anauza vifaranga, havilei. Mama wa Kihonda aliyelea mizao sita kwenye banda la mabati, kwa jiko la mkaa, anajua baridi ya mwezi wa saba inavyopenya kwenye banda la mabati kuliko muuzaji yeyote.

Hatua ya kwanza: kugawa kwa umri wa vifaranga

Kosa la kawaida ni kuwaweka wateja wote 200 kwenye kundi moja. Leo mmoja anauliza kuhusu vifaranga vya siku tatu, mwingine anatafuta soko la kuku wa wiki tano, wa tatu anatuma salamu za asubuhi zenye maua. Baada ya wiki mbili kila mtu amezima sauti ya kundi, na swali la haraka halisomwi.

Mama anafanya tofauti. Kila shehena anaifungulia kundi lake dogo, la wanunuzi 15 wa siku hiyo. Vifaranga vyao vina umri uleule. Swali la mmoja siku ya nne ni swali la wote siku ya nne, na chanjo ya siku ya saba inawahusu wote asubuhi ileile. Kundi linaishi wiki sita, hadi kuku wauzwe, kisha linafungwa na wanachama wanahamishiwa kundi kubwa la kudumu tutakalolizungumzia baadaye. Kwa kuwa shehena huja mara mbili kwa mwezi, makundi madogo yaliyo hai kwa wakati mmoja ni matatu tu. Mtu mmoja anaweza kuyasimamia.

Mwaliko hutolewa dukani, ana kwa ana. Mama anaeleza kundi ni la nini, anamwambia mteja kwamba namba yake itaonekana kwa wanachama wenzake, na anamwingiza akikubali. Kuuliza huku si adabu tu. Namba ya simu ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mfanyabiashara anayeokota namba kwenye miamala ya simu na kuziingiza kwenye kundi bila idhini amekosea kwa wateja, na anaweza kuwa amekosea kwa sheria pia.

Hatua ya pili: kumpata mlezi

Katika kila kundi la watu 15 mama anaweka mteja mmoja mzoefu ambaye naye amenunua shehena hiyo. Tumwite mlezi. Hapewi mshahara. Anapewa kifaranga kimoja cha nyongeza kwa kila 20 alivyonunua, yaani kwa vifaranga 100 anapata vitano. Zawadi ni ndogo kwa makusudi. Ikiwa kubwa, wanachama wataanza kumwona kama karani wa duka, na ushauri wake utanuka biashara.

Hatua ya tatu: muuzaji kujizuia

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, nami nashauri uielewe vizuri kwa sababu ndiyo inayotofautisha jibu la kawaida na jibu bora. Tazama mazungumzo haya ya usiku wa tatu:

"Jamani, vifaranga vyangu vimejikusanya kona moja tangu jioni, vingine vinapandiana. Ni ugonjwa?"

Mama wa duka anajua jibu. Akijibu mara moja, muulizaji atasaidika, lakini kundi litajifunza kwamba mjibu maswali ni mwenye duka. Kesho watamwuliza yeye, tena watamfuata pembeni, na wengine hawataona jibu. Kwa hiyo anasubiri. Baada ya dakika chache anajibu mlezi:

"Pole dada. Jiko lako la mkaa liko wapi, katikati au pembeni? Na hiyo kona vilipo ina upepo?"

"Liko pembeni. Upepo unaingia upande wa mlango, vyenyewe vimekimbilia upande wa pili."

"Basi vinasikia baridi. Ziba mlango kwa gunia, sogeza jiko katikati, ila acha upenyo juu moshi utoke. Baada ya nusu saa viangalie. Vikitawanyika vikaanza kula, joto limetosha. Vikikaa mbali na jiko na kufungua midomo, limezidi."

Jibu hilo ni sahihi. Wiki ya kwanza vifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki inayofuata hupunguzwa nyuzi mbili au tatu. Ila asiye na kipimajoto husoma joto kwa namna vifaranga vinavyokaa, kama mlezi alivyoeleza. Kilichotokea hapo ni zaidi ya jibu. Dada aliyesaidiwa amejua jambo, na wenzake 13 waliokuwa wanasoma kimya wamelijua pia kabla halijawapata. Mwezi ujao dada huyohuyo akiona mgeni anauliza swali hilo, atajibu yeye. Mtu aliyewahi kumsaidia mwenzake kwenye kundi ni vigumu kuliacha.

Kanuni ya mama ni hii: swali la kawaida hulisubiri hadi jioni, na kama halijajibiwa, hajibu yeye bali humtaja anayejua: "Mama wa Kihonda, wewe hali hii uliipata mwezi wa tatu, ulifanyaje?" Kuna hali mbili tu zinazomfanya aingie papo hapo. Moja ni vifo vingi ndani ya siku moja, na nyingine ni ushauri wa hatari. Mwanachama akisema, "Mpe vidonge vya binadamu, saga viwili kwenye maji," mama hasubiri jioni. Anaandika kwa heshima kwamba dawa haitolewi kwa kukisia, na anatoa namba ya afisa mifugo wa kata. Wanachama wanaweza kufundishana joto, maji na maranda. Kutambua ugonjwa na kuchagua dawa si kazi ya kundi.

Hatua ya nne: kusaidiana kwa vitendo

Maneno peke yake hayatoshi kuunganisha watu. Jumuiya hukomaa inapowapa wanachama kitu ambacho mmoja peke yake hawezi kukipata. Kwa duka letu kitu hicho ni chupa ya chanjo.

Vifaranga hupewa chanjo ya kideri siku ya 7, ya gumboro siku ya 14, na kideri tena siku ya 21. Chanjo hizi huyeyushwa kwenye maji ya kunywa yasiyo na dawa ya klorini, na zikishayeyushwa zinatakiwa ziishe ndani ya saa mbili hivi. Zinazobaki hutupwa. Tuseme chupa iliyopo dukani ni ya dozi 500 na bei yake ni shilingi 10,000. Mwenye vifaranga 100 akinunua peke yake ametumia shilingi 10,000 na kumwaga dozi 400. Ndiyo maana wafugaji wadogo wengi huruka chanjo, kisha wiki ya nne wanapoteza banda zima.

Sasa chukua wanachama watano wa Kihonda ambao vifaranga vyao vimefika siku ya saba asubuhi ileile. Wanachangia shilingi 2,000 kila mmoja, chupa inatumika yote, na hakuna aliyeruka chanjo. Unaona kwa nini kugawa kwa umri na kwa mtaa kulikuwa muhimu? Wangekuwa na vifaranga vya umri tofauti, mpango huu usingewezekana.

Kuna tahadhari. Mfugaji anayetoka banda moja kuingia jingine hubeba magonjwa kwa viatu na nguo. Kwa hiyo wanachama hawatembeleani mabandani. Wanakutana mahali pasipo na kuku, kwa mfano nyumbani kwa mmoja wao asiyefuga uani au dukani kwenyewe. Chupa hufika ikiwa kwenye chombo chenye barafu, inayeyushwa hapo, kila mmoja anachukua fungu lake kwenye chombo safi na kwenda kulitumia mara moja. Anayeishi mbali kiasi cha kumaliza saa nzima njiani hafai kuwa kwenye mchango huo, atafutiwe wenzake wa karibu.

9.4 Kwa nini abaki baada ya kujua?

Swali hili wauzaji wengi hawajiulizi, na hapa ndipo jumuiya nyingi hufia. Mteja mgeni ana maswali, kwa hiyo yupo. Baada ya mizao minne hana maswali tena. Jumuiya ikiwa ya maswali tu, wazoefu wataondoka mmojammoja kimyakimya, na watabaki wageni wanaoulizana bila mwenye kujibu. Dalili yake huonekana mapema: swali linakaa siku nzima bila jibu, na majina yaliyokuwa yanajibu hayaonekani.

Mzoefu hutafuta kitu kingine, nacho ni soko. Ndiyo kazi ya lile kundi kubwa la kudumu. Mwenye hoteli anataka kuku 300 kwa Ijumaa. Hakuna mfugaji mdogo mwenye kuku 300 walio tayari, lakini watatu au wanne pamoja wanao. Mlezi wa kundi anaandika hitaji, wenye kuku wanajitaja, wanakubaliana uzito na bei, kisha wanapeleka pamoja. Mtu wa namna hii habaki kwa sababu ya punguzo la bei ya vifaranga. Anabaki kwa sababu akitoka anapoteza wenzake wa kuuzia pamoja. Linganisha na wenye pikipiki: aliyekwisha kujua kuendesha bado anarudi kila mwaka, kwa kuwa safari ya pamoja haiwezi kufanywa na mtu mmoja.

Mama anatakiwa awe mkweli hapa. Wanachama wakiweza kuuza pamoja, wanaweza pia kununua pamoja, na siku moja watamjia wakisema, "Mama, sisi tuko 20, tunachukua vifaranga 2,000, tupunguzie." Hiyo ni gharama halali ya kuwa na jumuiya. Muuzaji anayetaka wateja wawe wamoja ila wasiwe na sauti hataipata jumuiya.

9.5 Kupima

Kundi lenye kelele si lazima liwe na faida. Pima mambo mawili.

(a) Nani anajibu? Hesabu maswali ya mwezi na uone jibu la kwanza la maana limetoka kwa nani. Tuseme mwezi wa kwanza kulikuwa na maswali 25, na wanachama walijibu 5. Hiyo ni 5 ÷ 25 × 100 = 20%. Mwezi wa sita maswali yalikuwa 30. Wanachama walijibu 21, duka lilijibu 6, na 3 hayakujibiwa. Hiyo ni 21 ÷ 30 × 100 = 70%. Jumuiya imekua. Usisahau yale matatu yasiyojibiwa, mama ayatafute na kuona yalihusu nini.

(b) Nani amebaki? Kanuni yake ni:

Kiwango cha wateja waliobaki = (wateja mwisho wa kipindi − wateja wapya) ÷ wateja mwanzo wa kipindi × 100

Mwaka wa kwanza, kabla ya jumuiya, duka lilianza Januari na wateja 80. Ndani ya mwaka likapata wapya 60, na Desemba lilikuwa na wateja 92. Waliobaki ni 92 − 60 = 32. Kwa hiyo 32 ÷ 80 × 100 = 40%.

Mwaka wa pili, pamoja na jumuiya, duka lilianza na wateja 92, likapata wapya 50, na Desemba lilikuwa na wateja 119. Waliobaki ni 119 − 50 = 69. Kwa hiyo 69 ÷ 92 × 100 = 75%.

Kosa linalojirudia kwenye karatasi za majibu ni kusahau kutoa wateja wapya. Mwanafunzi huandika 119 ÷ 92 na kupata 129%. Ukipata zaidi ya 100% ujue umekosea, kwa sababu haiwezekani wabaki watu wengi kuliko waliokuwepo.

Sasa thamani ya fedha. Kama asilimia 40 ileile ingeendelea, kati ya wateja 92 wangebaki karibu 37. Wamebaki 69, yaani 32 zaidi. Ikiwa kila mmoja hununua vifaranga 100 mara nne kwa mwaka, na faida ya duka ni shilingi 300 kwa kifaranga, basi mteja mmoja huleta 100 × 4 × 300 = shilingi 120,000 kwa mwaka. Wateja 32 huleta shilingi 3,840,000. Toa gharama: vifaranga vya walezi, bando la simu, na saa moja ya mama kila jioni.

Jihadhari na ulinganisho mmoja wa uongo. Muuzaji akisema, "Walio kwenye kundi wanabaki kuliko wasio kwenye kundi, kwa hiyo kundi linafanya kazi," hoja yake ina tundu. Huenda waliokubali kujiunga walikuwa na bidii ya kufuga tangu mwanzo, na wangebaki hata bila kundi. Ndiyo maana hapa tumelinganisha duka zima kabla na baada. Hata huo si ushahidi kamili, kwa kuwa bei ya chakula cha kuku ingeweza kushuka mwaka wa pili na kuwabakiza watu, lakini ni bora kuliko ule wa kwanza.

9.6 Siku ya lawama

Itafika siku shehena moja itakuwa mbaya. Usiku mwanachama anatuma picha ya vifaranga 30 vilivyokufa na kuandika, "Mama, umetuuzia vifaranga wagonjwa." Muuzaji mwoga hufuta ujumbe na kumtoa mwanachama. Wenzake 14 wameshaona picha, na kuanzia hapo hakuna atakayesema ukweli ndani ya kundi hilo, watasemea nje.

Faida ya kundi la umri mmoja huonekana hapa. Mama anauliza kundi zima: nani mwingine amepoteza, na wangapi? Kama wanachama 11 kati ya 15 wamepoteza vifaranga vingi siku zilezile, tatizo limetoka kwenye shehena, na mama lazima amrudie aliyemuuzia na kuwafidia wateja. Kama ni mmoja tu, na wengine 14 wako salama, chanzo kinaelekea kuwa bandani kwake: joto, maji au njia ya usafiri. Wenzake watamwuliza maswali hayo wenyewe, naye atayapokea kwao kuliko angeyapokea kwa mwenye duka anayejitetea.

ZOEZI

1. Eleza tofauti mbili kati ya kundi la matangazo na jumuiya ya wateja. (alama 4)

2. Duka la vifaa vya kushonea lilianza mwaka na wateja 150. Lilipata wapya 70, na mwisho wa mwaka lilikuwa na wateja 175. Kokotoa kiwango cha wateja waliobaki. (alama 4)

3. "Muuzaji mzuri hujibu kila swali la wateja wake papo hapo." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa duka la vifaranga. (alama 10)

4. Fundi cherehani wa mtaani kwenu anauza pia vyerehani kwa mafundi wanaoanza. Mpangie jumuiya ya wateja. Onyesha utakavyowagawa wanachama, kitu watakachokipata pamoja ambacho mmoja peke yake hawezi, na sababu ya fundi mzoefu kubaki. (alama 15)

Mwongozo wa majibu

Swali la 2: 175 − 70 = 105; 105 ÷ 150 × 100 = 70%. Onyesha hatua ya kutoa wateja wapya, ina alama zake.

Swali la 3: usikubali wala kukataa kauli yote. Anayepata alama nyingi huonyesha maswali ambayo muuzaji ayasubirie na sababu yake, kisha akataja hali mbili ambazo kusubiri ni hatari.

Swali la 4: vyerehani havina umri kama vifaranga, kwa hiyo kugawa kwa tarehe ya kununua hakutasaidia sana. Fikiria aina ya cherehani, au kazi inayoshonwa: sare za shule, nguo za harusi, mapazia. Kwa kitu cha pamoja, anza na oda kubwa ya sare za shule mwezi Desemba, ambayo fundi mmoja mwenye cherehani kimoja hawezi kuimaliza kabla shule hazijafunguliwa.